Jina la Faili Lisiguswe: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Uchoraji wa Kompyuta

Ukifungua folda ya pamoja ya kundi la wanafunzi wanaochora jengo kwa kompyuta, mara nyingi utakutana na orodha ya namna hii:

```
sakafu.dwg
sakafu mpya.dwg
sakafu mpya FINAL.dwg
sakafu FINAL 2 hii ndiyo.dwg
```

Wanafunzi wangu huwa nawauliza swali moja: fundi umeme akifika sasa hivi anataka mchoro wa sakafu, atachukua upi? Aliyechora hujibu bila kusita, kwa kuwa bado anakumbuka. Wenzake hutazamana. Wiki tatu baadaye hata aliyechora hana uhakika tena, na hapo inabidi kufungua faili moja baada ya nyingine na kulinganisha milango na madirisha kwa macho.

Watu wengi hudhani tatizo hapo ni uchafu wa folda tu, jambo la kumaliza kwa kufagia mwishoni mwa muhula. Kwa barua au ripoti huenda ikawa hivyo. Kwa michoro ya majengo hali ni nyingine kabisa, kwa sababu faili moja ya mchoro huwa imeunganishwa na nyingine, na kinachoziunganisha ni jina. Mwanafunzi akishaelewa muungano huo unavyofanya kazi, kanuni zote ninazomfundisha anaweza karibu kuzitunga mwenyewe.

Chukua kundi la wanafunzi wanne wanaochora zahanati ndogo isiyo na ghorofa, kwa programu ya AutoCAD. Wa kwanza anachora sakafu: kuta, milango, madirisha na majina ya vyumba. Wa pili anachora msingi, wa tatu kenchi za paa, wa nne umeme. Hao watatu hawana haja ya kuchora kuta upya. Kila mmoja anafungua mchoro wake na kuuambatanisha na ule wa sakafu kwa amri ya `XREF`. Kuta zinaonekana chini ya kazi yake, naye anachora juu yake taa, swichi na soketi, au nondo na zege la msingi.

Mchoro wa umeme, hata hivyo, hauzibebi kuta hizo ndani yake. Umehifadhi jina la faili ya sakafu na njia ya kuifikia, basi. Kila unapofunguliwa unakwenda kuitafuta faili yenye jina lile na kuonyesha kilichomo siku hiyo. Uzuri wake ni huu: anayechora sakafu akihamisha mlango, wenzake watatu wanaupata mlango ulipohamia bila kugusa kitu. AutoCAD hata huchungulia yenyewe, kwa kawaida kila baada ya dakika 5, kuona kama faili iliyoambatanishwa imebadilika, na ikiwa imebadilika hutokeza kiputo cha taarifa kwenye kona ya chini ya skrini.

Sasa tazama kundi letu lilivyokwama. Mchora sakafu aliambiwa mlango wa chumba cha daktari uhamishwe kutoka upande wa kushoto wa ukuta kwenda kulia, na bawaba zake zigeuzwe. Kabla ya kubadilisha alitaka kubaki na nakala ya zamani, wazo zuri kabisa, akabonyeza `Save As` na kuandika `sakafu mpya`. Kisha akahamisha mlango, akahifadhi, akaenda zake.

Hapo kuna mambo mawili ambayo hakuyajua. La kwanza, `Save As` haikuachii nakala pembeni huku wewe ukiendelea na faili yako ya awali. Inakuhamishia kwenye faili mpya. Tangu alipoandika lile jina jipya alikuwa akifanya kazi ndani ya `sakafu mpya.dwg`, na `sakafu.dwg` ilibaki kama ilivyokuwa, mlango ukiwa kushoto. La pili ndilo zito zaidi: mchoro wa umeme ulikuwa umeshika jina `sakafu.dwg`, na faili hiyo ilikuwa bado ipo. Mchora umeme alipofungua kazi yake kila kitu kilionekana sawa. Hakuna onyo, hakuna kiputo. Akaweka swichi ya taa pale inapokaa kwa desturi, ukutani upande wa kitasa cha mlango, ili mtu akiingia aikute kwa mkono.

Kwenye mlango wa zamani mahali hapo palikuwa sahihi. Kwenye mlango mpya swichi iliangukia nyuma ya mlango ukiwa wazi. Kazi ilipofika kwenye kusahihishwa, mchora umeme alikuja na kompyuta yake: "Mwalimu, mbona kwangu swichi iko sawa?" Na kweli kwake ilikuwa sawa. Alikuwa anatazama jengo ambalo mwenzake alishaliacha.

Kama ile faili ya zamani ingefutwa ingekuwa heri. AutoCAD ikikosa faili iliyoambatanishwa haikai kimya. Inaleta onyo mara unapofungua mchoro, inaandika `Not Found` kwenye orodha ya viungo, na mahali pa kuta unaona maandishi ya njia ya faili iliyopotea. Kila mtu anajua kuna kitu kimevunjika. Faili ya zamani iliyoachwa na jina zuri ni hatari zaidi, maana inafunguka vizuri na haitoi dalili yoyote. Darasani hasara yake ni alama. Kwenye jengo, fundi anachimba ukuta, anapitisha bomba la nyaya, anapiga lipu, halafu mlango unapofungwa mahali pake ndipo watu wanagundua.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza, ninayoitetea kuliko zote, ni kwamba faili inayofanyiwa kazi haibadiliki jina tangu siku mradi unapoanza hadi unapokwisha. Hakuna `mpya`, hakuna `FINAL`, hakuna `v2`, hakuna tarehe. Sakafu ya zahanati ni faili moja, yenye jina moja, na ndani ya jina hilo daima mna hali ya leo. Toleo lina mahali pake, nitalieleza, lakini mahali hapo si kwenye jina la faili ambayo wengine wameishika.

Wanafunzi wengine hupinga kwa hoja ya busara: je, hatuwezi kubadilisha jina kisha tukaelekeza upya viungo? Inawezekana. Unafungua orodha ya `XREF` katika kila mchoro unaohusika, unabofya faili ya sakafu, na kwenye mstari wa `Saved Path` unachagua faili mpya. Lakini lazima ufanye hivyo katika kila mchoro, kila mara, bila kusahau hata mmoja. Wengi badala yake hukiondoa kiungo cha zamani na kuambatanisha faili mpya, na hapo hupoteza kitu kingine. AutoCAD huyaita matabaka ya mchoro ulioambatanishwa kwa jina la faili, alama ya mstari wima, kisha jina la tabaka, mfano `sakafu|kuta`. Mchora umeme huwa ameshatumia muda kuzififisha kuta ziwe za kijivu, kuficha majina ya vyumba na vipimo visivyomhusu, ili taa na swichi zake zionekane. Mipangilio hiyo imefungwa kwenye jina `sakafu|kuta`. Akiambatanisha upya kwa jina `sakafu mpya`, yanakuja matabaka `sakafu mpya|kuta`, yenye rangi zake za asili, na kazi ya kupanga mwonekano inaanza upya. Kundi linalobadilisha jina kila wiki hulipa gharama hiyo kila wiki.

Kama jina halitabadilika, basi inafaa litungwe vizuri tangu mwanzo. Kwa zahanati yetu natumia mpangilio huu:

```
ZHN-A-101-sakafu.dwg
ZHN-S-101-msingi.dwg
ZHN-S-102-paa.dwg
ZHN-E-101-umeme.dwg
```

Herufi tatu za mwanzo ni za mradi, ili faili ikitumwa kwenye simu au ikinakiliwa kwenye flashi ijulikane imetoka jengo gani. Herufi inayofuata ni ya fani: A ni usanifu wa jengo, S ni muundo unaobeba uzito, E ni umeme. Sikuzitunga mimi. Ni herufi zinazotumika katika ofisi nyingi za michoro duniani, na mwanafunzi akienda mafunzo kazini atazikuta. Tarakimu ya kwanza ya namba inaeleza aina ya mchoro: 1 kwa ramani inayotazamwa kutoka juu, 2 kwa sura za nje za jengo, 3 kwa mikato. Kwa hiyo `A-301` ni mkato, hata kabla hujaufungua. Neno la mwisho ni msaada kwa macho tu, nalo liwe moja na fupi.

Angalia pia ambacho hakimo. Jina la mwanafunzi halimo, kwa kuwa mtu anaweza kuhamishwa kundi na mchoro ukabaki. Maelezo ya kilichobadilika hayamo, na nafasi kati ya maneno haimo. Katika mstari wa amri wa AutoCAD kubonyeza nafasi ni sawa na kubonyeza Enter, kwa hiyo jina lenye nafasi husumbua mara tu mtu anapoanza kuandika amri zinazojiendesha. Mkwaju wa tarehe, kama katika 14/03, Windows yenyewe inaukataa, pamoja na nukta mbili, alama ya kuuliza na nyota. Sifuri zinazotangulia nazo zina kazi. Bila hizo, programu inayopanga majina herufi kwa herufi itaweka 10 kabla ya 2, na orodha ya karatasi ishirini inakuwa fumbo.

Urefu nao una mpaka. Programu nyingi za Windows bado zinashindwa njia ya faili ikizidi herufi 260, na hesabu hiyo inajumlisha kila folda kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina. Folda ya pamoja inayokaa ndani ya folda ya mtumiaji, ndani ya folda ya mtandaoni, ndani ya mwaka, ndani ya muhula, ndani ya kundi, imeshakula sehemu kubwa kabla hujaandika herufi moja ya jina lako. Dalili yake ni ya ajabu: faili inafunguka kwa mwenzako aliyeiweka karibu na mwanzo wa diski, kwako inagoma.

Sasa folda. Jina lisilobadilika linaleta shida yake: ikiwa mchora sakafu anahifadhi kila dakika chache, wenzake wataona kuta zikiwa katikati ya kubomolewa, mlango umeshafutwa na mwingine haujawekwa. Dawa ya hili imo katika kiwango cha kimataifa cha kupanga taarifa za ujenzi, ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2018 na ambacho kilichota mengi kutoka kiwango cha Uingereza, BS 1192 cha 2007. Kiwango hicho kinaziweka taarifa katika hali nne: inayofanyiwa kazi, inayoshirikishwa, iliyotolewa rasmi na iliyohifadhiwa. Kwa darasa langu zinakuwa folda nne:

```
ZHN\1-kazi\A   ZHN\1-kazi\S   ZHN\1-kazi\E
ZHN\2-pamoja
ZHN\3-imetolewa
ZHN\4-kumbukumbu
```

Kila fani inafanya kazi ndani ya folda yake katika `1-kazi`, na hakuna anayeambatanisha faili kutoka kwenye folda ya kazi ya mwenzake. Mchora sakafu akifikia mahali ambapo kazi yake inaweza kutegemewa, anafunga AutoCAD, anakwenda kwenye folda, ananakili `ZHN-A-101-sakafu.dwg` na kuibandika katika `2-pamoja` juu ya ile iliyokuwepo, kwa jina lilelile. Wenzake wote wameambatanisha ile ya `2-pamoja`. Jina ni lile, mahali ni pale, kilichobadilika ni kilichomo, na kiputo cha taarifa kinatokea kama inavyotakiwa. Nasisitiza kunakili kwa njia ya folda kwa sababu ya ule mtego wa `Save As`: mtu akiitumia kupeleka mchoro `2-pamoja`, anabaki anachora humo ndani bila kujua, na faili yake ya kazi inaanza kuzeeka.

Viungo viwekwe kwa njia inayopimwa kutoka pale mchoro ulipo, ile inayoandikwa `Relative` kwenye dirisha la kuambatanisha. Kwenye mchoro wa umeme njia itasomeka `..\..\2-pamoja\ZHN-A-101-sakafu.dwg`, maana yake panda ngazi mbili kisha ingia `2-pamoja`. Ukiweka njia kamili inayoanza na `D:\`, folda nzima ikihamishiwa kompyuta ambayo diski yake ni `E:`, viungo vyote vinakatika kwa pamoja.

Nimeahidi kusema toleo linakaa wapi. Linakaa mahali panne, na popote pengine ni kosa. Kwanza, ndani ya mchoro wenyewe, kwenye kisanduku cha maelezo kwenye kona ya karatasi, pamoja na tarehe na mstari mmoja wa kilichobadilika. Pili, kwenye jina la PDF inayotoka nje: `ZHN-E-101-P02.pdf`, ndani ya `3-imetolewa`. PDF inaweza kubeba toleo kwenye jina bila madhara, kwa kuwa hakuna mchoro ulioishika. Herufi P na namba ni desturi ya ofisi zinazofuata mfumo wa Uingereza: P01, P02 na kuendelea ni matoleo ya awali, na mchoro unapoidhinishwa kwa ujenzi unaanza C01. Ninawapa wanafunzi desturi hiyo badala ya neno FINAL, kwa sababu P02 siku zote hufuatiwa na P03 bila mtu kuona haya. Baada ya FINAL watu wanabaki kuongeza maneno.

Tatu, toleo linakaa kwenye orodha ya mradi, jedwali moja lenye jina la faili, mwenye faili, toleo, tarehe na kilichobadilika. Sentensi kama "mlango wa chumba cha daktari umehamia kulia, bawaba zimegeuzwa" ina nafasi yake hapo, ambapo mchora umeme ataisoma na kujua moja kwa moja kwamba swichi yake inahusika. Kundi lisilo na kompyuta za kutosha liandike jedwali hilo kwenye karatasi ya ukutani. Linafanya kazi ileile.

Mahali pa nne ni kwenye kumbukumbu, na hapa pana mtego ambao hata watu wa ofisini huuingia. Kila michoro inapotolewa, tunataka nakala ya hali ya siku hiyo. Njia inayokuja haraka ni kutengeneza folda `4-kumbukumbu\2025-03-14_P02` na kunakili humo michoro yote ya siku hiyo. Majina hayajabadilika, toleo liko kwenye folda, inaonekana safi. Lakini fungua mchoro wa umeme ulio humo ndani. Njia yake ya kiungo bado inasema panda ngazi mbili, ingia `2-pamoja`. Kutoka kwenye folda hiyo ya kumbukumbu, ngazi mbili juu ni `ZHN`, na `2-pamoja` ipo. Basi kumbukumbu ya Machi inafunguka ikiwa na taa za Machi juu ya kuta za leo. Faili ya sakafu ya Machi iko pale pale kando yake, na haitazamwi, kwa sababu AutoCAD hujaribu kwanza njia iliyohifadhiwa, na ikishindwa tu ndipo inapotafuta ndani ya folda ya mchoro wenyewe.

Amri ya `ETRANSMIT` imetengenezwa kwa ajili ya hili. Inakusanya mchoro, faili zote ulizoziambatanisha, pamoja na mitindo ya kuchapia, na ukichagua faili zote ziwekwe kwenye folda moja, inarekebisha na njia za viungo ili kila mchoro uwashike wenzake waliomo humo. Fungua mchoro mmoja, ongeza mingine yote kwenye orodha yake, kisha hifadhi furushi lenye jina `ZHN_P02_2025-03-14.zip`. Kwenye jina la furushi tarehe inaanza na mwaka, kwa sababu ikianza na siku, tarehe 2 Desemba itapangwa kabla ya tarehe 14 Machi. Jaribu furushi mara moja kwa kulifungulia kwenye kompyuta isiyo na folda ya mradi. Kuta zikionekana huko, kumbukumbu ni nzima.

Mtu atauliza kwa nini tusitegemee tarehe ambayo kompyuta yenyewe huandika kando ya faili. Kwa sababu tarehe hiyo inaeleza mara ya mwisho mtu alipohifadhi, hata kama hakubadilisha chochote. Aliyefungua kutazama tu akabonyeza hifadhi kwa mazoea ameifanya faili ya zamani ionekane changa kuliko mpya. Na katika maabara zenye kompyuta zilizochoka, betri ndogo ya saa ikifa mashine huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, na mchoro wa leo unazama chini ya orodha.

Kila faili iwe na mwenye nayo mmoja. Hili si suala la adabu, ni la namna faili hizi zilivyo. Watu wawili wakiandika kwenye waraka mmoja mtandaoni, maneno yao yanaweza kuunganishwa. Mchoro wa `.dwg` hauunganishwi hivyo. Kwenye mtandao wa ndani wa maabara, AutoCAD huweka kando ya mchoro faili ndogo yenye mwisho `.dwl` inayotaja nani ameufungua, na wa pili anaambiwa anaweza kuutazama tu. Kwenye folda inayosawazishwa kupitia intaneti ulinzi huo si wa kutegemea, hasa mtu anapofanya kazi nyumbani bila bando. Wawili wanafungua mchoro mmoja, wote wanahifadhi, na huduma ya mtandaoni, isijue nani yuko sahihi, inabakiza faili mbili. Dropbox kwa mfano huongeza maneno `conflicted copy` kwenye jina la moja. Ukiyaona maneno hayo usifute upesi. Fungua zote mbili, au tumia amri ya `COMPARE` iliyoletwa na AutoCAD 2019, ambayo huonyesha tofauti za michoro miwili kwa rangi. Hamisha kinachotakiwa kwenye faili ya jina halali, kisha ndiyo uiondoe nyingine.

Faili za `.bak` wanafunzi huzifuta wakidhani ni takataka. Kila unapohifadhi, AutoCAD hubadilisha hali iliyotangulia kuwa `.bak`, kwa hiyo ni hatua moja ya kurudi nyuma, mchoro ukiharibika. Zibaki katika `1-kazi`, zisipelekwe `2-pamoja`. Ili kuitumia unabadilisha mwisho wa jina kuwa `.dwg`, lakini kwanza amuru Windows ionyeshe miisho ya majina ya faili, kwa kuwa kwa kawaida huificha. Ikiwa imefichwa, unaona faili mbili zenye jina moja, na ukiandika `.dwg` unaishia na `sakafu.dwg.bak`, ambayo bado haifunguki kama mchoro.

Mpangilio huu una mipaka yake. Hautamzuia mtu kusahau kupeleka kazi yake `2-pamoja`, na hapo wenzake watachora juu ya sakafu ya zamani hata kama majina yote ni sahihi. Kwa hiyo ninadai jambo moja kabla ya mchoro wowote kuchapwa: fungua orodha ya `XREF`, bofya kila kilichoambatanishwa, soma mstari wa `Found At` na tarehe iliyo juu yake, kisha ulinganishe na orodha ya mradi. `Found At` inaonyesha faili imetolewa folda gani hasa. Ukisoma `2-pamoja` na toleo likalingana, chapa. Ukisoma jina la folda nyingine yoyote, iwe ya flashi, ya vipakuliwa au ya mwenzako, usichape.

Kundi ambalo tayari limezama kwenye `FINAL 2 hii ndiyo` lisianze kubadilisha majina ovyo, litakata viungo vyote. Funga mradi kwa saa moja, watu wote wakiwa hapo. Mchora sakafu aoneshe kuta zilizo sahihi, faili hiyo ipewe jina la kudumu na kuwekwa `2-pamoja`, kila mchoro uelekezwe kwayo kupitia `Saved Path` bila kuondoa kiungo, na faili nyingine zote za sakafu ziingie kwenye furushi moja la `4-kumbukumbu`, mahali ambapo hakuna mchoro unaoweza kuzifikia. Fanyeni hivyo kabla ya kuongeza mstari mwingine wowote kwenye mchoro.